Siku moja maishani mwangu: maneno ya video ya kilio, Goma

Saa 12 asubuhi

Albamu mbili na bahasha ya kaki ziko mezani tangu jana usiku. Alizileta binti mkubwa wa familia moja ya mtaani kwetu. Mama yao amefariki na atazikwa kesho. Leo saa 2 usiku, watu wakiwa wamekusanyika kwenye kilio, familia inataka kuonyesha video ya maisha yake. Mwenzangu hapa studioni Katindo ndiye anayepanga picha kwenye kompyuta. Mimi naandika maneno, kisha nayasoma. Jina la marehemu nawaachia wenyewe. Hapa nitamwita Mama, kama wanavyomwita wanawe.

Kabla jua halijawa kali, nazipiga upya picha za karatasi pembeni ya dirisha. Situmii flashi, kwa sababu karatasi inang'aa na uso wa mtu unapotea. Picha zilizoshikwa na gundi ya albamu sizibandui. Nainua plastiki ya juu tu na kupiga picha pale pale zilipo, kwa kuwa karatasi ya zamani ikichanika hakuna wa kuirudisha.

Nazipanga sakafuni kwa miaka, na pengo linaonekana mara moja. Kabla ya 2002 kuna picha mbili tu, zote za watoto. Mama mwenyewe hayumo. Wengi wa Goma wanalijua pengo hilo. Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, moto wa mlima ukakata mji hadi ziwani, na familia nyingi ziliondoka na walichoweza kubeba mikononi. Nyumba ya Mama ilikuwa kwenye njia yake. Nani angekumbuka albamu?

Saa 2

Nampigia simu mdogo wa marehemu, aliye Bukavu. Picha za zamani za familia ya Goma mara nyingi zimebaki kwa ndugu waliotumiwa kwa barua: Bukavu, Butembo, Kisangani. "Ninayo ya harusi," ananiambia, "mwaka wa 74." Namwomba aitume kwa WhatsApp kama "Document", maana ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, na kwenye kitambaa cha projekta nyuso zinageuka ukungu.

Inafika. Mama amesimama mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lile la zamani lililoteketea mwaka ule ule wa 2002. Wajukuu wakiliona hawatalitambua. Basi hapo sauti ina kazi ya kufanya.

Saa 3 na nusu

Nimeketi na familia nyuma ya hema, mbali kidogo na wanaolia. Siulizi "Mama alikuwa mtu wa namna gani?" Ukiuliza hivyo utajibiwa kwamba alikuwa mwema, mkarimu, mcha Mungu. Yote ni kweli, lakini yanamfaa kila marehemu. Ninaweka picha moja mbele yao na kuuliza: ilipigwa na nani, mlikuwa mnatoka wapi, huyu wa pembeni ni nani?

Nawapa picha ya Mama akiwa sokoni Birere mwaka wa 2004, amezungukwa na vitenge. Binti mkubwa anaishika kwa muda mrefu. "Hapo alikuwa ameanza upya," anasema. "Daftari lake la madeni liliungua pamoja na nyumba. Hakuwa tena na jina la mtu hata mmoja. Lakini wanawake walikuja wenyewe, huyu leo, yule wiki ijayo, wakamwambia: Mama, nilikuwa na deni lako." Nayaandika kama alivyoyasema. Hadithi ya kulijaza lile pengo ndiyo hii.

Halafu tunasafisha mambo mawili. La kwanza ni mwaka wa kuzaliwa: kadi ya uchaguzi inasema 1953, kadi ya ubatizo inasema 1951. Kaka wa marehemu, muzee ambaye wote wanamsikiliza, anasema 1951, na ndio mwaka unaochorwa kwenye msalaba. Video itasema hivyo hivyo, bila siku wala mwezi. Miaka miwili tofauti kati ya video na msalaba ingezaa manung'uniko makaburini.

La pili ni watoto. Mama alizaa sita, mmoja akafariki akiwa mchanga, na alimlea mtoto wa dada yake tangu akiwa na miaka mitatu. Nauliza waziwazi, mbele ya wote, watatajwaje. Muzee anamtazama yule aliyelelewa, sasa mtu mzima mwenye ndevu, anasema: "Wataje saba, kwa mfuatano wa umri. Usimtenge mtu." Majina saba, basi, pamoja na la yule mchanga.

Saa 5

Naandika. Ukurasa wangu una safu tatu: muda, picha, maneno. Video ni ya dakika 7, yaani sekunde 420. Tumechagua picha 40, kila moja sekunde 10 kwa wastani, na zilizobaki ni za jina mwanzoni na mwishoni. Picha ya mtu mmoja inatosha sekunde 7. Ya kundi inahitaji 12 au zaidi, kwa sababu kila mtu anajitafuta, kisha anawatafuta waliokwisha kufa.

Sauti haitembei dakika zote saba. Naipa nusu tu. Kwa mwendo wa msiba nasoma maneno kama 85 kwa dakika, maana maneno yetu ni marefu: "walipomsindikiza" ni neno moja lakini lina silabi nane. Dakika tatu na nusu ni maneno 300 hivi, na ukurasa ukizidi hapo ninakata. Anayejaza maneno 600 atalazimika kukimbia, na sauti inayokimbia kwenye kilio inawaumiza watu.

Sisemi kile ambacho jicho limeshaona. Kwa ile picha ya Birere, mtu angeweza kuandika: "Hapa Mama yuko sokoni, akiuza vitenge vyake vizuri." Kila mtu anaona soko na vitenge. Mimi naandika:

"Mwaka wa 2002 daftari la madeni liliungua. Mama hakumdai mtu. Wateja walikuja wenyewe, mmoja mmoja, wakalipa."

Kisha kimya kwa sekunde 8, picha ikiwa bado pale.

Kwa harusi: "1974. Kanisa hili halipo tena. Hapa ndipo Mama na Papa walipoahidiana." Kwa mlima, familia haina picha, na mwenzangu anapendekeza tuchukue video ya moto kutoka mtandaoni. Nakataa. Nusu ya watakaokaa chini ya hema walikimbilia Gisenyi siku ile; hawakuja kwenye kilio ili watishwe tena. Tunamtuma kijana apige picha ya ukuta wa mawe meusi ya uwanja wao, nyumba iliyojengwa juu ya lava yenyewe. Picha hiyo moja inakaa sekunde 20, ndefu kuliko zote, na sauti inasema mambo manne: tarehe, walitoka kwa miguu, alibeba mjukuu mgongoni, na baada ya miezi alirudi kujenga pale pale.

Za hospitali, zilizomo kwa wingi kwenye simu za watoto, siingizi hata moja. Ya mwisho ni ya Krismasi moja kabla ya ugonjwa, Mama akikatia wajukuu mkate.

Matendo yake nayaweka katika wakati uliopita: aliuza, alijenga, alilea. Undugu nauacha katika wakati uliopo: Mama ni dada, ni mama, ni koko. Kifo hakijaondoa undugu, na wazee wanasikia tofauti hiyo haraka sana.

Saa 8

Nawasomea muzee, binti mkubwa na yule wa kulelewa, bila picha, kwa mwendo ule ule wa kurekodi. Muzee ananisimamisha kwenye sentensi ya Papa, aliyetangulia mwaka wa 1996: nimeandika kwamba Mama "alibaki peke yake". Anasema, "Peke yake vipi, sisi tulikuwa wapi?" Ana haki. Tunaandika: "Papa alipotutoka, Mama alishika nyumba pamoja na kaka zake." Maneno matatu zaidi, na upande mzima wa familia umeingia ndani ya video.

Saa 10

Kurekodi. Chumba chetu kina ukuta wa mbao na bati juu, kwa hiyo tumetundika blanketi pande tatu ili sauti isirudi. Mvua inaanza. Hakuna ujanja wa kuondoa mvua ya bati ndani ya sauti, tunangoja. Ikikatika, nasoma nikiwa nimesimama, kipaza sauti kikiwa umbali wa kiganja kilichonyooshwa, pembeni kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisilipuke.

Nasoma aya moja, nanyamaza, nasoma inayofuata. Sauti sitetemeshi. Msomaji akianza kulia, anawanyang'anya wafiwa kilio chao. Majina saba ya watoto nayasoma moja kwa pumzi moja, na kati ya jina na jina kuna picha ya mwenye jina.

Saa 12 jioni

Mwenzangu anaunganisha. Picha inasogea taratibu sana, na inayeyuka kuingia nyingine kwa sekunde moja na nusu. Muziki ni kwaya ya parokia yao ikivumisha bila maneno, kwa sababu wimbo wenye maneno unagombana na msomaji. Tunashusha muziki mpaka kila silabi isikike, kisha tunabeba video kwenye flashi ya kompyuta hadi kwenye hema na kujaribu kwenye bafle zenyewe. Ndani ya vifaa vya masikioni kila kitu kilikuwa safi. Hapa besi inafunika sauti. Tunapunguza besi kwenye mikisa, tunasogeza bafle mbali na jenereta.

Saa 2 usiku

Picha ya harusi inapotokea, kilio kinapanda. Kimya tulichokiacha hapo kinakitosha. Sauti inarudi watu wakianza kutulia. Kwenye daftari la madeni, mwanamke mmoja wa nyuma anasema kwa nguvu, "Hata mimi nililipa!" na wengine wawili wanaitika. Hatukupanga nafasi kwa hilo, lakini kimya kilikuwepo, wakaingia ndani yake.

Saa 4

Namkabidhi binti mkubwa flashi yenye video, sauti peke yake, na maneno yaliyoandikwa. Anaonyesha simu yake: ndugu wa Kisangani ametuma sasa hivi picha ya Mama akiwa msichana, mwaka wa 1969, amevaa sare ya shule. Kesho ni mazishi, haiwezi kuingia. Tumekubaliana iingie kabla ya kuondoa matanga, mara baada ya jina la kwanza. Nitahitaji sekunde 10 zaidi, na sentensi moja kuhusu shule ile, ambayo muzee pekee ndiye anayejua ilikuwa wapi.