Nilivyofunga konveya kabla ya kubadilisha beringi ya puli ya chini: umeme ulikuwa nusu tu ya kazi

Konveya yenyewe ni ya mkanda, inapanda kama digrii 15, mota iko juu na puli ya mkia iko chini kabisa. Beringi ya ile puli ya chini ilikuwa inalia na boksi lake limepata moto hadi huwezi kuweka mkono, kwa hiyo lazima ibadilishwe. Nikapewa kazi pamoja na fundi umeme mmoja mzee na msaidizi, nikaambiwa fomu ya tathmini ya hatari ipo tayari, niisaini tu tuanze.

Nikaisoma. Kwenye mstari wa "kubanwa na mkanda" walikuwa wameandika ukubwa wa madhara 2, uwezekano 1, ukizidisha ni 2, sababu eti umeme utazimwa. Sasa hapo ndipo nilipogoma kusaini, maana hiyo siyo namna ya kupima. Kwanza unapima hatari kama vile hakuna chochote kilichofanywa, halafu ndiyo unaweka hatua zako na kupima upya. Mkono ukiingia kati ya mkanda na puli hautoki mzima, mtu anaweza kufa, hiyo kwa madhara ni 5 kati ya 5 hata umshawishi nani. Uwezekano kabla ya kufunga chochote nikaweka 4, kwa hiyo 5 mara 4 ni 20, nyekundu. Na kufuli la kwenye umeme halipunguzi ile 5, linapunguza uwezekano tu, mkanda ukisogea bado utakukata vilevile. Kama unataka madhara yenyewe yapungue inabidi uondoe kile kinachosukuma.

Basi nikauliza swali moja tu, tukatembea na yule mzee kutoka chini mpaka juu tukilijibu: umeme ukiwa haupo kabisa, ni nini bado kinaweza kuusogeza huu mkanda?

Cha kwanza ni mzigo wenyewe. Mkanda ukisimama umejaa, tuseme kilo 40 kwa kila mita na sehemu ya mteremko ni mita 30, hapo una kilo 1,200 zimelala juu, na kwa digrii 15 kama robo yake, yaani kilo 300 na kidogo, inavuta kurudi chini muda wote. Kinachoshikilia ni kile kifaa cha kuzuia kurudi nyuma kilichofungwa kwenye gia boksi. Ukikiamini hicho peke yake unaamini kitu ambacho hujakiona ndani kikoje, na siku mtu akifungua kapilingi kati yake na puli ya juu basi hakishiki chochote. Dawa yake rahisi mno: beringi bado inazunguka, kwa hiyo opareta akafunga malisho ya juu kwanza, mkanda ukaendeshwa mpaka ukawa mtupu, ndiyo ukasimamishwa. Kilo 300 zimeondoka bila kununua kitu. Ingekuwa imekwama na mzigo juu tungeubana mkanda kwa klampu kwanza kisha tuupakue kwa koleo, kazi ndefu lakini hakuna mkato.

Cha pili, na hiki watu wengi hawakioni kwa sababu kiko mbali na pale unapofanyia kazi, ni ule uzito wa kukazia mkanda unaoning'inia katikati. Wetu ni kilo 600. Unavuta pande mbili za mkanda, kwa hiyo kila upande umekazwa kwa kama kilo 300 saa zote, konveya imewaka au imezima. Ukilegeza bolti za boksi la beringi huku ule uzito bado unavuta, puli inaruka kuelekea juu na vidole vyako viko hapohapo. Tukaunyanyua kwa cheni bloku mpaka mkanda ukalegea, halafu tukapitisha pini kwenye fremu ili uzito ulale juu ya chuma, maana cheni bloku ni ya kunyanyulia, haiwezi kuachwa kuwa ndiyo ulinzi wa mtu. Juu kidogo ya puli tukaweka klampu ya mkanda iliyofungwa kwenye fremu pande zote mbili.

Hewa ya presha inayosukuma kile kikwangua mkanda tukafunga valvu, tukapiga kufuli, tukaitoa hewa iliyobaki mpaka geji ikasoma sifuri.

Tukarudi kwenye umeme. Hapa naomba nieleweke, kamba ya dharura na kitufe chekundu siyo lokauti, yaani siyo kuufungia umeme kwa kufuli. Vile vinakata waya wa kontroli tu, pawa bado iko mlangoni, na mtu yeyote anaweza kuriseti. Tulizima aisoleta, ile swichi kuu inayolisha invata, kifaa kinachoendesha ile mota, tukaweka haspu, kile chuma chenye matundu ya makufuli mengi, na kila mtu akapiga kufuli lake mwenyewe lenye ufunguo mmoja unaokaa mfukoni mwake, msaidizi pia, akataka kujifichia chini ya kufuli langu nikakataa. Kila kufuli na tagi yake: jina, tarehe, kazi gani. Tagi peke yake ni karatasi, haimzuii mtu. Invata inabaki na chaji kwenye kapasita hata ukishazima, lebo ya yetu inasema subiri dakika 5 kabla ya kufungua, tukasubiri.

Halafu kujaribu kuwasha. Nilimwambia opareta abonyeze stati, haikuwaka, msaidizi akasema tayari. Mzee akacheka, "Kijana, hii konveya haiwaki kama ile inayoipokea mzigo haijawaka, sasa umejuaje kama ni kufuli au ni intaloku?" Na ni kweli kabisa, lile jaribio halikuwa limethibitisha kitu. Tukaweka swichi kwenye mkono ili intaloku isihesabike, kamba ya dharura tukairiseti, tukabonyeza tena pale karibu, kimya, kisha tukairudisha kwenye ofu. Ndipo mzee akachukua tesa yake, akaijaribu kwanza kwenye umeme anaojua upo, akapima kwenye terminali za invata zinazopokea umeme kutoka aisoleta, fezi kwa fezi na kila fezi kwa ethi, hakuna, halafu akarudi kuijaribu tena kule kwenye umeme, asije akawa amepima kwa tesa iliyokufa katikati. Aisoleta huwa inaweza kugeuka kishikio na kisu kimoja kikabaki kimeganda ndani, kwa macho huoni.

Kwenye fomu baada ya hapo nikaandika 5 mara 1. Ile 5 nikaiacha, supavaiza hakufurahi, akasaini.

Beringi yenyewe haina hadithi. Shifti ilibadilika tukiwa katikati, na utaratibu hapo ni anayeingia apige kufuli lake kwanza ndiyo anayetoka atoe lake, pasiwe na hata sekunde moja ambayo haspu iko tupu.

Kilichosumbua ni mwisho. Tumehesabu vifaa, klampu imetoka, uzito umeshushwa taratibu, gadi zimerudi, watu wamesogea, kila mtu katoa kufuli lake, konveya ikawaka, mkanda ukaanza kukimbilia kushoto. Msaidizi akachukua spana anataka kukaza bolti ya puli huku inazunguka kwa sababu "ni mzunguko nusu tu kaka". Nikamwita mzee, tukazima, makufuli yote yakarudi, gadi ikafunguliwa, uzito ukapigwa pini tena, tukakaza ule mzunguko nusu, tukafunga gadi na kuwasha upya. Mara ya pili ukakaa katikati.