Siku moja kituoni Mbeya: homa iliyopanda wiki nzima

Saa 1:30 asubuhi

Mvua imenyesha usiku kucha na ukungu bado umefunika Loleza, lakini benchi la wagonjwa wa nje limeshajaa. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya pembezoni mwa jiji. Wakati sista anapima joto, mapigo na uzito, napita kwenye benchi na kuuliza kila mwenye homa swali moja: ilianza lini, na ilianzaje? Wengi hunijibu kwa jina la ugonjwa. "Dokta, nina taifodi na UTI." Narudia swali langu, kwa sababu taifodi, yaani homa ya matumbo, inajulikana kwanza kwa mwendo wake wa siku hadi siku. Karatasi ya maabara inakuja baadaye sana.

Saa 2:20

Mama mmoja wa makamo anaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi taifodi tu, naomba uniandikie sindano."

Ananipa karatasi kutoka maabara fulani ya mtaani: Widal, imesomeka 1:160. Namuuliza homa. Ilianza juzi mchana, ghafla: baridi ya kutetemesha meno, kisha joto kali, kisha jasho lililolowesha shuka. Wiki mbili zilizopita alikuwa Kyela msibani, akalala siku kadhaa bila chandarua. Namtuma akapime malaria kwa kipimo cha haraka, na jibu linarudi upesi: ana malaria.

Hajaridhika, anaishika ile karatasi kama stakabadhi ya deni. Namweleza, na naomba na ninyi mnisikilize hapa. Kipimo cha Widal, ambacho kimekuwepo tangu 1896, hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili unatengeneza dhidi yake. Ukiwahi kuugua zamani, kingamwili zinaweza kubaki. Ukiwa na malaria au maambukizi mengine ya jamii ileile ya bakteria, kipimo kinaweza kupanda vilevile. Na mwenye taifodi ya kweli, akipimwa siku za mwanzo, anaweza kuambiwa hana kitu kwa sababu kingamwili bado hazijatosha. Kwa hiyo Widal moja, ikisimama peke yake kwa mtu mwenye homa ya siku mbili, hainiambii chochote cha kumtibia. Anaondoka na dawa ya mseto.

Saa 3:15

Anaingia kijana wa miaka 22, ameshikwa mkono na dada yake. Ni kibarua wa ujenzi, anapakia zege na matofali, lakini leo amepumzika mara mbili kutoka getini hadi mlangoni kwangu. Anajibu polepole, macho yamelegea.

Dada ndiye anayesimulia, na anasimulia vizuri. Jumanne ya wiki iliyopita alirudi kazini akisema mwili umechoka na kichwa kinauma. Jioni akawa na joto kidogo, akameza panadol, asubuhi akaenda kazini. Jumatano jioni joto likazidi lile la Jumanne. Alhamisi likazidi la Jumatano. Ijumaa wakanunua mseto bila kupima, akaumaliza kwa siku tatu bila nafuu. Kila asubuhi homa ilishuka kidogo, kila jioni ikapanda kuliko ya jana. Jumamosi akakataa chakula, hata ugali kwa maharage anaoupenda. Tumbo likaanza kumsumbua: si la kukata, ni zito na limejaa. Hajapata choo tangu Ijumaa. Leo ni Jumatano, siku ya tisa.

Hapo ndipo mimi huanza kufikiria taifodi kwa dhati: homa iliyopita siku tatu, inayopanda hatua kwa hatua badala ya kuja kwa mishindo, huku kichwa kikiuma, hamu ya kula ikiisha, tumbo likiwa halina raha na nguvu zikimwishia mtu. Watu wengi wanasubiri kuharisha ndipo waamini. Kwa watoto kuharisha ni kawaida, lakini mtu mzima mara nyingi anafunga choo wiki ya kwanza.

Joto lake ni nyuzi 39.2. Mapigo ya moyo ni 84 kwa dakika. Kwa joto hilo ningetarajia yapite 100, na mapigo kubaki chini namna hii huonekana kwa baadhi ya wenye taifodi, ingawa si wote. Ulimi una utando mweupe katikati, pembeni ni mwekundu. Tumbo ni laini, ila analalamika kidogo nikibonyeza chini upande wa kulia. Namwambia avute pumzi, na vidole vyangu chini ya mbavu za kushoto vinaigusa ncha ya bandama. Vitabu vinataja pia madoa ya waridi kifuani. Kwenye ngozi zetu ni shida kuyaona, kwa hiyo siyangojei.

Namuuliza pia yale yanayoweza kunipoteza: kikohozi, maumivu ya kukojoa, maziwa mabichi. Hakuna. Maji ya kunywa? Pale saiti wanachota kwenye kisima kifupi, wanakunywa kwa kopo moja bila kuchemsha. Mwenzao mmoja naye aliugua hivihivi akarudishwa kwao Makete.

Saa 4:00

Dada anafungua mkoba na kutoa pakiti ya sipro. "Nimenunua hapo nje, dokta. Nimpe sasa hivi moja?"

Nasema bado, tutoe damu kwanza.

Ninachotaka ni kuotesha damu, yaani kumkamata bakteria mwenyewe akiwa hai. Antibaiotiki ikitangulia, hata vidonge viwili vitatu, bakteria wanapungua kwenye damu na kipimo kinaweza kurudi kitupu wakati mgonjwa bado anaumwa. Kituo chetu hakioteshi. Tunachukua damu hapa, inapelekwa maabara kubwa mjini.

Kaka wa maabara anasugua ngozi kwa spiriti, anaiacha ikauke, hagusi tena alipopasafisha. Anavuta mililita 10 na kuziingiza kwenye chupa yenye supu ya kuoteshea. Mtu mzima anahitaji kiasi hicho, kwa sababu bakteria wa taifodi ni wachache sana ndani ya damu, na ukichukua mililita mbili unaweza kuwakosa wote. Chupa haiwekwi kwenye friji. Anatoa pia damu ya picha nzima, malaria na VVU.

Saa 5:10

Wakati tunasubiri, mwanafunzi wa utabibu aliye nami ananiuliza kwa nini homa hii inapanda taratibu hivyo. Namchorea nyuma ya karatasi. Bakteria anaingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, anapenya ukuta wa utumbo mdogo na kujificha ndani ya chembe zilezile zilizopaswa kumuua. Anasafiri nazo hadi kwenye ini, bandama na uboho, anazaliana huko kimyakimya, kwa kawaida wiki moja hadi mbili, na mtu hajui lolote. Kisha anaanza kumwagikia kwenye damu, na homa inaanza. Kutoka kwenye ini anashuka na nyongo hadi utumboni tena, na safari hii tezi za ukuta wa utumbo zinavimba. Hapo tumbo linaanza kusumbua. Asipotibiwa, kuelekea wiki ya tatu tezi hizo zinaweza kuoza na kuacha vidonda, vidonda vikatoa damu au utumbo ukatoboka.

Kwa hiyo siku ya tisa ni siku ya kuanza dawa. Hatuna nafasi ya kungoja majibu ya kuotesha, ambayo yanaweza kuchukua siku mbili hadi tano.

Saa 6:00 mchana

Malaria hana, VVU hana. Chembe nyeupe za damu ni 4.1, ziko chini kwa mtu mwenye homa kali namna hii, na hilo pia linaendana na taifodi. Namwambia mwanafunzi asiandike "imethibitishwa" bali "inashukiwa". Hata kuotesha damu kukifanywa vizuri hukosa wagonjwa wengi, kwa hiyo jibu tupu halitanifanya nimwachishe dawa.

Hatapiki, anakunywa, akili iko sawa. Namwanzishia azithromaisini ya vidonge, mara moja kwa siku kwa siku saba. Angekuwa anatapika au amezidiwa ningempa rufaa alazwe, achomwe seftriaksoni. Ile sipro namwomba dada airudishe dukani. Bakteria wa taifodi wa sehemu nyingi wameshaizoea, na tukipata jibu la maabara tutajua kwa hakika dawa gani inamweza huyu.

Dada ana jambo lingine. Mama mkubwa nyumbani ameandaa dawa ya kienyeji ya kupiga bomba, choo kitoke. Nainama karibu naye na kumwomba asifanye hivyo hata kidogo. Utumbo wake una uvimbe, kuulazimisha kwa bomba au dawa kali ya kuharisha ni kuuweka kwenye hatari. Ampe maji mengi yaliyochemshwa, uji mwepesi, supu, viazi laini.

Saa 9:30 alasiri

Wagonjwa wamepungua. Nampigia afisa afya wa kata kuhusu kile kisima. Anapita saiti jioni hiyohiyo, ananitumia picha: choo cha shimo kiko juu ya mteremko, kisima kiko chini yake, na mvua za msimu huu zinatiririka kutoka kimoja kwenda kingine. Msimamizi amekubali kununua maji ya bomba na ndoo yenye koki. Waliokunywa pale nimeomba waelezwe kwamba homa inaweza kuanza hata wiki tatu baadaye. Atakayepata joto linalozidi kila jioni aje kabla ya kupita duka la dawa.

Saa 2:40 usiku

Simu ya dada. Sauti yake imejaa hofu. Kijana amemeza dawa mchana, na sasa joto ni 39.4. "Dokta, dawa haifanyi kazi. Nimpeleke akachomwe sindano?"

Namuuliza: ametapika? Hapana. Tumbo limekuwa gumu? Anamgusa, anasema ni laini kama mchana. Choo cheusi au chenye damu? Bado hajapata. Anaongea vizuri? Anaomba maji.

Namwambia homa ya taifodi haishuki siku hiyohiyo. Hata dawa sahihi huchukua siku tatu hadi tano, kwa hiyo kesho na keshokutwa jioni atamwona bado ana moto, na hiyo si sababu ya kubadilisha dawa. Ampe panadol, amfute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na Jumamosi asubuhi waje nimwone. Ikifika Jumatatu homa haijalegea, tutabadilisha tukiwa na jibu la maabara mkononi. Lakini tumbo likikaza ghafla, akitoa choo cheusi, akianza kuweweseka, au joto likianguka ghafla huku mapigo yakienda mbio, asinipigie mimi kwanza. Aite bajaji, waende moja kwa moja hospitali ya rufaa, waseme wazi: ni mgonjwa wa taifodi, siku ya ngapi, anatumia dawa gani.

Anaomba nirudie taratibu, anaandika.