Mistari mitano inayonitulizia darasa la pili

Saa nne na nusu asubuhi, watoto wakishatoka mapumziko na uji umeshatua tumboni, ndio wakati niliokuwa nauogopa kuliko wote. Darasa la pili, watoto 74, madawati 21, bati juu bila dari. Shule yetu iko kidogo juu ya mji wa Moshi, upande wa Kibosho, katikati ya migomba. Nikiingia nakuta wawili wanagombania kifutio, mmoja yuko chini ya dawati, na watatu wananikimbilia kwa pamoja: "Mwalimu, huyu kanipiga!"

Silaha yangu ilikuwa rula ya mbao. Nagonga meza, napiga ukelele "Kimyaaa!", wananyamaza kwa muda ule ule wa mwangwi kwenye bati, kisha wanaanza tena. Ikifika Jumatano koo limekauka na nashindia chai ya tangawizi. Ilinichukua muda kuona kwamba kelele nyingine nilikuwa naziongeza mimi. Mtu akipaza sauti, aliye karibu naye naye anapaza ili asikike na mwenzake, kama wauza nyanya wa soko la Mbuyuni. Kwa hiyo nilikuwa mmoja wa wapiga kelele, ila mimi nina rula.

Nikaamua kutunga kishairi. Cha kwanza kilikuwa cha simba aliyelala porini, tunanyata tusimwamshe. Nilikipenda sana. Siku ya kwanza tu wavulana wa nyuma wakaanza kukoroma, siku ya pili simba akaamka akanguruma, na nusu ya darasa ikakimbia. Nikajaribu kingine kilichouliza "Nani anapiga kelele?" Hicho kilikuwa kibaya zaidi, maana kila mtoto alijibu swali, akimnyooshea kidole jirani yake. Cha tatu kilikuwa na makofi. Makofi yanakusanya watoto haraka, lakini yanawapandisha moto; ni mazuri wakisinzia, si wakichachamaa.

Kilichofaa kilitoka kwa mtoto mwenyewe. Ninyi wa huku mnajua: asubuhi Kibo inaonekana nyeupe na wazi, ikikaribia saa nne tano mawingu yanaifunika. Siku moja nimesimama mlangoni, msichana mmoja akanivuta sketi akasema polepole, "Mwalimu, wingu limeshuka." Alisema taratibu hivi kwamba mimi nami nikamjibu kwa kunong'ona. Usiku nikakaa na daftari:

Wingu limeshuka chini,
Ndege wako mgombani,
Mikono yote mezani,
Macho yote ubaoni,
Sauti imo moyoni.

Mwenzangu wa Kiswahili cha madarasa ya juu alicheka mstari wa kwanza. "Dada, kushuka chini? Kwani kuna kushuka juu?" Ni kweli, lakini bila "chini" mizani haitimii, na mtoto wa miaka minane hana ugomvi na neno hilo.

Mizani ndiyo kazi yenyewe. Kila mstari una mizani 8 na kina cha "ni". Mwanzoni mstari wa nne ulikuwa "Macho yaende ubaoni". Uhesabu: ma-cho-ya-e-nde-u-ba-o-ni, mizani 9. Kila tulipofika hapo darasa lilipasuka, wengine wanamaliza mapema, wengine wanaburuta, na kwenye ule mwanya ndipo soga zinapoingia. Nikaweka "yote", ikawa 8, mpasuko ukaisha. Watoto 74 hawawezi kunyamaza pamoja kama hawakumaliza pamoja. "Mezani" nayo iko pale kwa sababu hiyo hiyo. "Mikono ipo dawatini" ina mizani 9.

Sasa namna ya kukitumia, maana maneno peke yake hayanyamazishi mtu. Nasimama mahali pamoja, mbele kushoto karibu na dirisha, siku zote pale pale. Sitembei, sinyooshi kidole. Mstari wa kwanza nausema kwa sauti ya kawaida, chini kidogo ya kelele zao, nikiinua mikono yote miwili juu ya kichwa na kuishusha polepole kama wingu. Watakaoanza kunifuata ni wale wa madawati matatu ya mbele, na hao wanatosha. Mstari wa pili sauti inapungua, mikono inakunjwa mabegani kama mbawa. Wa tatu viganja vinalala juu ya dawati. Wa nne ni wa mnong'ono. Wa tano hauna sauti kabisa: midomo inacheza tu, kiganja kiko kifuani. Kisha tunavuta pumzi tatu, taratibu, na kuzitoa. Yote haifiki dakika moja.

Siri yake, kwa ninavyoona, ni kwamba mdomo unaokariri hauwezi kupiga soga. Sikuwaambia wafunge midomo. Niliipa kazi, halafu nikaipunguza ile kazi mstari kwa mstari mpaka ikabaki midomo mitupu. Mikono nayo ilikuwa na shughuli, haikumfinya mtu. Kumwambia mtoto "nyamaza" ni kumtaka aruke kutoka juu ya mti. Huku anashuka tawi kwa tawi.

Nilikifundisha asubuhi, darasa likiwa limetulia, mstari mmoja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Hili nalisisitiza kwa sababu niliwahi kukosea: kile cha simba nilikifundisha katikati ya vurugu, na watoto wakakizoea kama sehemu ya vurugu. Chombo cha kuzimia moto hujifunzi kukitumia nyumba ikiwaka.

Nikupe siku moja ilivyokwenda. Jumanne, kipindi cha kuhesabu baada ya uji, tunajumlisha kwa kutumia vizibo vya soda. Nilikuwa nimeshagawa vizibo kabla ya kuwatuliza, kosa la kwanza. Vizibo 74 mara kumi vikigongwa kwenye mbao chini ya bati, we acha tu. Nikasimama dirishani, nikaanza. Mstari wa kwanza walinifuata kama watoto kumi. Wa pili, karibu nusu. Wa tatu ndio uliofanya kazi, kwa sababu viganja vilipolala mezani vililala juu ya vizibo, na ule mlio ukafa ghafla. Wale wa nyuma waliposikia mlio umekatika wakageuka kutazama kuna nini, wakakuta wenzao wako kwenye mnong'ono, wakaingia. Tukavuta pumzi tatu. Nikasikia kuku wa jirani wa shule.

Hapo ndipo walimu wengi tunapoharibu. Ukimya ukishapatikana tunaanza kuwashukuru, kuwasema, kutafuta chaki. Una pumzi mbili tatu tu kabla haujavuja. Mimi sasa agizo linalofuata liko tayari mdomoni kabla sijaanza mstari wa kwanza, tena fupi, tena kwa sauti ile ile ya chini: "Hesabuni vizibo saba. Wekeni kushoto." Siku niliposahau nilichotaka waandike, nikageuka ubaoni kutazama, darasa lilirudi sokoni na kishairi hakikurudiwa na mtu. Ukikirudia hapo hapo kinakuwa wimbo wa kuchezea.

Kwa hiyo nakitumia mara mbili kwa siku, tatu zikizidi. Na sikitumii kama adhabu. Kuna mwenzangu alikichukua, akawa anawasimamisha watoto wakikariri mara kumi kwa sababu wamepiga kelele. Baada ya wiki watoto wake walikuwa wanakipiga kwa sauti ya mchakamchaka, "MO-YO-NI!", wakishindana safu kwa safu. Dalili ya kwamba kishairi kimekufa ndiyo hiyo: mstari wa mwisho unakuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Ukiiona, kiache wiki mbili, ukirudi anza na vitendo tu bila maneno.

Vitendo bila maneno nilivigundua kwa shida, wakati wa masika. Mvua ya huku ikishika bati lisilo na dari, mwalimu hata akipiga honi hasikiki. Mvua ilitukuta katikati ya kusoma. Watoto wanapenda mvua ya bati, wanapiga kelele kwa raha tu kwa sababu hakuna anayewasikia. Nikafungua mdomo nikaona ni kazi bure. Basi nikainua mikono, nikaishusha. Dawati la mbele wakaona, wakashusha yao. Aliye nyuma yao akaona mikono, akafanya. Ikatembea hivyo mpaka ukutani, kama upepo ukipita kwenye shamba la mahindi. Tulipofika kiganja kifuani mvua ilikuwa bado inaunguruma, lakini chini ya mvua darasa lilikuwa kimya. Nikaandika ukurasa ubaoni kwa tarakimu kubwa, wakafungua.

Nina mtoto mmoja asiyesikia vizuri, anakaa dawati la pili. Kabla ya siku ile ya mvua alikuwa akichelewa kila mara, anatazama midomo ya wenzake kujua tuko wapi. Nilipoona vitendo vinajitosheleza nikaanza kumtazama yeye nikishusha wingu. Sasa mara nyingi anawatangulia.

Kuna kelele ambazo hakizigusi. Siku ambazo uji umekosekana, unaweza kushusha mawingu yote ya Kilimanjaro, wanatulia pumzi tatu wanarudi. Vilevile wakiwa wanne kwenye kitabu kimoja: kelele hizo ni za kugombea kuona, na dawa yake ni kupanga upya nani akae na nani. Na ikiwa nimetoa zoezi ambalo hawakulielewa, wananong'ona kuulizana. Siku hizi nikijikuta nataka kukianzisha kwa mara ya nne, najua tatizo liko kwenye zoezi nililotoa, si kwenye midomo yao.

Halafu kuna kijana wangu wa dawati la mwisho, karibu na ufagio. Tangu wiki ya kwanza, kila tunapofika mstari usio na sauti, midomo 74 inacheza, kiganja kifuani, kimya kabisa, halafu kutoka nyuma inasikika: "...ni." Ndogo, safi, peke yake. Wenzake wanaguna. Nilimwita pembeni nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama anayeshangaa sikujua. "Mwalimu, sasa mtajuaje kuwa imeisha?"

Nimemwachia. Tunamsubiri aseme, ndipo tunavuta pumzi.