Muhuri nao unasema

Leo nimemwandikia dada mmoja barua ya kupumzika kazini. Kwenye faili niliandika kwa kifupi: mimba imeharibika wiki ya 9, amesafishwa, damu 8.2, siku 7. Aliniomba kwa sauti ya chini, "Daktari, kazini wasijue."

Barua ikawa hivi: "Nathibitisha kuwa nilimhudumia mtajwa tarehe 3 Juni. Hataweza kufanya kazi kuanzia tarehe 3 hadi 9 Juni, siku zote mbili zikihesabiwa. Atarejea tarehe 10. Kwa wiki mbili baada ya hapo asinyanyue mizigo mizito."

Basi. Mwajiri anahitaji tarehe za kupanga zamu na hilo la mizigo, maana dada anabeba maboksi stoo. Ugonjwa, dawa, kipimo cha damu, vyote vimebaki kwenye faili.

Nilikuwa nimeshainua muhuri ndipo nikausoma: "Wodi ya Wazazi". Ungemwaga siri yote! Nimetembea hadi masjala kugonga muhuri wa hospitali, na chini ya jina langu nikaandika "Daktari" tu, bila "wa magonjwa ya wanawake". Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye pochi.