Jinsi nilivyotibu paja lililovilia damu bila kulikanda

Katika mechi ya mtaa hapa Goma, goti la beki lilinigonga katikati ya paja, upande wa mbele. Ngozi haikuchubuka, lakini kufikia jioni goti langu halikuweza kukunjika hata nusu.

Mama mkubwa alikuwa amekwisha kuchemsha maji ya kunikanda. Nilimwomba kwa heshima aniache, kwa sababu damu ilikuwa bado inavuja ndani ya msuli uliopondwa dhidi ya mfupa, na kuukanda au kuupasha joto mapema huongeza uvujaji huo. Tena, msuli uliosumbuliwa hivyo unaweza kuota mfupa ndani yake, jambo linaloonekana wiki kadhaa baadaye kwa uvimbe mgumu na goti linalozidi kukakamaa.

Nilikunja goti kadiri maumivu yalivyoruhusu, nikalifunga hivyo kwa bandeji hadi kesho yake, nikaweka barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 20 kila baada ya saa 2 au 3. Msuli uliovutwa huacha nafasi ndogo ya damu kukusanyika. Kama paja lingekuwa gumu kama ubao na mguu kufa ganzi, ningekwenda hospitali usiku uleule.

Siku ya 3 nilianza kukunja goti polepole, kwa nguvu zangu mwenyewe, bila mtu kulisukuma. Wiki ya 3, kisigino kilipogusa tako bila maumivu, sawa na cha mguu mzima, nilijaribu kukimbia kasi, kusimama ghafla na kuruka. Siku 4 baadaye nikarudi uwanjani, nikiwa nimefunga sponji nene juu ya paja.