Siku moja na mega mkononi: kompresa iliyohukumiwa kabla ya kupimwa

Saa 1 asubuhi. Karakana yangu iko Temeke, na kabla ya chai napima vifaa vya kupimia. Multimita: nagusanisha ncha zake kwenye omu, inasoma 0.3. Hiyo 0.3 ni ya nyaya zenyewe, na leo nitaitoa kwenye kila kipimo kidogo. Mega, kifaa kinachopima uvujaji wa umeme kwa volti kubwa: ncha zikiwa mbali inasoma zaidi ya kiwango, nikizigusanisha inashuka hadi sifuri. Mega yenye betri dhaifu inadanganya bila aibu, na mteja ndiye anayelipia uongo huo kwa kununua kompresa asiyoihitaji.

Saa 2 na nusu. Msasani, kwa mama mmoja muuza samaki wa jumla. Ana chumba cha baridi kidogo, mashine iko nje ukutani, kompresa ya hasipawa 2, fezi moja, gesi R404A. Tangu juzi breka ya kuvuja umeme, ile yenye kitufe cha kujaribia, inaruka kila akiiwasha. Hairuki baada ya muda, inaruka pale pale.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba fundi. Yule aliyekuja jana kasema kompresa imegusa bodi. Kanitajia bei, nikakaa chini.”

Kugusa bodi maana yake koili inavujisha umeme kwenye chuma cha nje. Nikamuuliza kama yule fundi alichomoa nyaya za kompresa kabla ya kupima. Akasema alifungua kifuniko, akagusa hapa na pale, akafunga. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na shaka. Kwenye boksi la mashine kama hii nyaya za kompresa, feni, kontakta na hita zinakutana. Ukipima zikiwa zimefungwa zote, unachosoma ni uvujaji wa familia nzima, halafu unamtia hatiani mmoja.

Nikazima swichi kuu, nikaifunga kwa kufuli, nikapima kuhakikisha hakuna umeme. Kapasita nikaitoa chaji kwa rezista. Nikapiga picha ya nyaya kwa simu, kisha nikachomoa zote tatu kwenye kompresa. Kabla ya hapo nilitazama vituo vyenyewe: hakuna mafuta yanayovuja wala weusi kwenye kioo. Vituo vilivyoliwa vinaweza kuruka na kumwaga gesi na mafuta usoni, kwa hiyo kama vina dalili hiyo, usivichokonoe mashine ikiwa na presha.

Kijana wangu akapima koili kwa multimita, kwa omu: C ni kituo cha pamoja, R cha koili ya kukimbilia, S cha koili ya kuanzishia. C hadi R, 2.1. C hadi S, 4.6. R hadi S, 6.7. Zimejumlika vizuri, hakuna iliyokatika. Kisha nikakwangua rangi kidogo kwenye bomba la kopa hadi likang'aa, maana ukiweka ncha juu ya rangi utapata jibu zuri la uongo. Ncha moja hapo, nyingine kwenye C, mega kwenye volti 500, nikashikilia kitufe kwa dakika nzima.

Mega-omu 3.4.

Kijana akatikisa kichwa. “Bosi, yule fundi alikuwa sahihi. Ndogo sana hiyo.”

Ni ndogo, kweli. Kompresa kavu yenye joto lake ningetarajia makumi au mamia ya mega-omu. Lakini nikamwambia apige hesabu. Volti 230 ukigawa kwa omu milioni 3.4 unapata chini ya miliampia 0.1. Breka hii ni ya miliampia 30, na kwa kawaida inaruka mahali fulani kati ya 15 na 30. Ili kompresa peke yake iirushe, ingebidi isome kama kilo-omu 15 au chini yake, yaani 0.015 kwenye skrini ya mega. Kwa hiyo 3.4 inatuambia kuna jambo ndani ya kompresa hii, ila siyo jambo linalorusha breka.

Mwizi yuko kwingine. Tukapima feni peke yake: zaidi ya kiwango. Tukafika kwenye hita, ule mkanda unaozunguka tumbo la kompresa chini, kazi yake kuyaweka mafuta na joto mashine ikiwa imesimama. Multimita ncha kwa ncha, omu 1,060. Hiyo ni hita nzima ya wati 50 (volti 230 mara 230, gawa kwa 50). Multimita kutoka kwenye waya wa hita hadi kwenye bodi, kilo-omu 180. Nayo haitoshi kurusha breka.

Hapo wengi wanaacha. Multimita inapima kwa volti chache tu, na mpasuko mdogo wenye masizi ndani ya mpira unaweza kuzihimili hizo kwa amani. Ukiupa volti za kazi, unafunguka. Nikaweka mega kwenye hita ile ile: namba ikayumba, ikadondoka, ikatulia kwenye 0.01. Hizo ni kilo-omu 10 hivi, na kwa volti 230 zinapitisha miliampia kama 23. Nikageuza mkanda, nikauona mahali ulipobanwa na klipu yake: mpira umechanika urefu wa ukucha, ndani mweusi.

Na hita ndiyo inaeleza ile 3.4. Siku mbili breka imezima, hita haina umeme, kompresa imepoa. Gesi ikahamia huko na kuwa kimiminika ndani ya mafuta, imezilowesha koili. Motor iliyozama kwenye mchanganyiko huo inasoma chini hata kama haina kasoro. Usiihukumu mpaka ipate joto.

Saa 4 na nusu. Kariakoo kununua hita. Foleni sina la kusema juu yake. Nilichagua ya wati zile zile na mzingo ule ule, maana mkanda ulegeao unajiunguza wenyewe.

Saa 6 mchana nikaifunga mpya, nikapima kwa mega kabla ya kuwasha (zaidi ya kiwango), nikawasha breka huku kompresa ikiwa bado imechomolewa. Ikakaa. Mama akataka tuiwashe mashine hapo hapo, samaki wako kwenye barafu. Nikamwomba avumilie hadi jioni. Kompresa iliyojaa kimiminika ukiiwasha inajaribu kukikandamiza, na hapo ndipo valvu zinavunjika kweli, na bei ya jana inakuwa halali.

Saa 8 mchana. Turudi Temeke, duka la vinywaji. Friza mbili za aina moja, kompresa zenye lebo moja, R134a. Moja inaunguruma sekunde chache, ovalodi inakata, inapoa, inajaribu tena. Hii ni kinyume cha asubuhi: haivuji kabisa, mega imepita 200.

Tulianza na yale mepesi. Rilei ya kuwashia tukabadilishana na ya friza nzima, tatizo likabaki pale pale. Tukaacha kompresa ipoe, tukachomoa, tukapima: C hadi R 6.8, C hadi S 19.5, R hadi S 26.3.

“Zimejumlika, bosi. Koili nzima.”

Hili nalisikia kila wiki, na sijui nani alilifundisha kwa namna hii. Vipimo viwili vidogo kujumlika kuwa kikubwa kunakuonyesha C ni ipi, na kwamba koili mbili hazijagusana zenyewe kwa zenyewe. Hakusemi kitu juu ya mizunguko iliyoungana ndani ya koili moja. Koili hizo zimefuatana, kwa hiyo hata moja ikipoteza nusu ya mizunguko yake, jumla itaendelea kutoka sawasawa. Kinachokuonyesha upotevu huo ni namba ya mtengenezaji, au pacha wake.

Pacha tunaye. Mwenye duka akaturuhusu kuizima friza nzima kwa dakika chache. Tukasoma C hadi R 11.9, C hadi S 22.4. Lakini hiyo ilikuwa inafanya kazi, ina moto, na kopa yenye moto inasoma juu. Kwa nyuzijoto kama 70 dhidi ya 30 ya kompresa iliyopoa, unapunguza kwa asilimia 13 hivi. Zinabaki 10.3 na 19.5. Koili ya kuanzishia inalingana na ya mgonjwa kabisa. Koili ya kukimbilia ilipaswa kuwa 10.3 na imekuwa 6.8. Theluthi ya omu zake imepotea ndani ya kopa, na wala hakuna uvujaji kwenda kwenye bodi wa kuitangaza.

Klampu ya kupimia mkondo tulitumia pia, tukaona mkondo mkubwa unaobaki juu mpaka ovalodi ikate. Ila kompresa iliyokwama kimakanika nayo inavuta hivyo hivyo, kwa hiyo klampu peke yake isingetosha kuamua. Omu zilizopungua ndizo zimefunga kesi. Na kama mizunguko iliyoungana ingekuwa miwili mitatu tu, omu zisingeonyesha kitu, ningebaki na klampu na mashaka. Nikamwambia mwenye duka: hii imekufa, nitakuletea bei kesho.

Njiani kijana aliniuliza kuhusu zile za inveta. Huko namba zinabadilika: jozi zote tatu zinasoma sawa, mara nyingi karibu na omu moja, na ile 0.3 ya nyaya za multimita inakuwa kubwa ya kukupoteza. Mega unaitumia baada ya kuchomoa nyaya kutoka kwenye bodi ya elektroniki, la sivyo unaiua bodi wewe mwenyewe. Na kwa aina zote, usipige mega kompresa iliyo kwenye vakyumu. Hewa ikiwa imenyonywa, umeme unaruka kirahisi kati ya vituo, na unaunguza koili iliyokuwa nzima.

Saa 11 na nusu jioni. Msasani tena. Tumbo la kompresa lina joto la kushikika kwa mkono bila kuungua. Nikazima, nyaya za kompresa zikiwa bado zimechomolewa, ncha pale pale kwenye kopa iliyokwanguliwa, dakika nzima: mega 38. Ingebaki 3 au 4 baada ya joto lote hilo, ningekuwa nawaza unyevu au asidi kwenye mafuta, tungepima mafuta na kubadilisha draya kabla ya kitu kingine.

Nikarudisha nyaya kwa kufuata picha, nikawasha. Ikaondoka mara moja, mkondo chini ya ule wa kwenye lebo, breka imetulia. Ndani ya kifuniko nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: tarehe, 2.1, 4.6, 6.7, mega 38 ikiwa na joto. Fundi ajaye awe na cha kulinganisha.

“Mama, chumba kikiwa kitupu huwa unazima swichi kuu?”

“Nazima, nibane luku.”

“Zima kwenye kidhibiti joto tu. Swichi kuu iache, hita ifanye kazi.”

“Inakula kiasi gani?”

Wati 50, nikamwambia, kama yuniti 1 na pointi 2 kwa siku nzima. Akapiga hesabu yake kimya, akamwita mwanawe aanze kuhamisha samaki.