Wagonjwa 15 wa jedwali la PALM

Nilipokuwa nasomea uuguzi hapa Goma, mwalimu alitugawa wawili wawili, kila kundi likachambua jaribio moja la dawa. Mimi niliangukia kwa mama mmoja aliyekwisha kufanya kazi wodini miaka mingi. Tukapewa PALM, jaribio la dawa nne za Ebola lililofanyika mashariki mwa nchi yetu, likachapishwa mwaka 2019.

Mama alikwenda moja kwa moja kwenye vifo vya siku 28. Waliopewa ZMapp, dawa ya kulinganishia, walikufa 84 kati ya 169. Wa MAb114, 61 kati ya 174, yaani asilimia 35.1. Wa REGN-EB3, 52 kati ya 155, asilimia 33.5.

“Kijana, andika REGN-EB3 ndiyo ya kwanza.”

“Ngoja Mama, tazama hapa chini.” Kwenye mstari wa REGN-EB3, ZMapp haikuwa tena na watu 169. Walikuwa 154, na waliokufa 79.

Akadhani ni kosa la uchapaji. Tulipata jibu kwenye sehemu ya mbinu: REGN-EB3 iliingizwa baadaye, jaribio likiwa limeshaanza. Kwa hiyo ililinganishwa tu na wale wa ZMapp walioandikishwa tangu siku hiyo. Kura ya bahati nasibu ya kugawa dawa huwafananisha watu walioweza kuangukia upande wowote; aliyefika kabla ya dawa hakuwa na nafasi ya kuipata. Isitoshe, huduma hubadilika mlipuko ukiendelea.

Mama hakuridhika, akachukua kalkuleta. 169 toa 154 ni 15. 84 toa 79 ni 5. Wale wa mwanzo walikufa watano kati ya 15, theluthi moja, wakati waliofuata walikufa zaidi ya nusu. Watu 15 ni wachache mno kueleza sababu. Lakini wangeachwa ndani, tofauti ya vifo kati ya ZMapp na REGN-EB3 ingeshuka kutoka pointi za asilimia 17.8 hadi 16.2. Dawa bado ingeshinda, ila kwa mlinganisho usio wa haki.

Hapo hukumu yake ya kwanza ikafutika yenyewe. Kila dawa ilipimwa dhidi ya kundi lake la ZMapp, si dhidi ya mwenzake, na 35.1 na 33.5 zimekaribiana mno.

Tulibishana zaidi juu ya kutofichwa kwa dawa. ZMapp ilitundikwa mara tatu, hizo mbili mara moja tu, kwa hiyo muuguzi alijua mgonjwa anapewa ipi. Mimi nilisema kifo hakipindishwi na macho ya mtu.

“Kifo hapana,” Mama akasema, “lakini uangalizi kabla ya kifo, ndiyo. Mimi nimekesha wodini.”

Tukaandika yote mawili. Mwalimu akaongeza swali pembeni kwa kalamu nyekundu: na waliofika virusi vikiwa vingi damuni? Tukarudi jedwalini. Hata kwa dawa hizo mbili, zaidi ya nusu yao walifariki.